Kimeota, ila sio nilichopanda: kutambua magugu ya bustani yakiwa bado miche

Haya ni matatizo ambayo watu wa huku kwetu Mbeya, Iringa mpaka Njombe wanayauliza kila msimu, mvua za Novemba zikianza tu na tena kule kwenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni, wakati wa kiangazi. Unapanda mbegu, tuta linakuwa kijani, unafurahi, wiki tatu mbele unagundua ulikuwa unamwagilia magugu. Au kinyume chake, umepalilia karoti zako mwenyewe ukaacha bangi mwitu imesimama. Nimeyapanga kwa dalili, yaani unachokiona kwa macho, alafu sababu zake kuanzia ile inayotokea sana.

Kabla ya yote elewa kitu kimoja, maana bila hicho huku chini utapotea. Mche mwingi unatoka na majani ya mbegu kwanza, yale mawili ya mwanzo kabisa ambayo hayafanani na mmea mkubwa, ndipo yanakuja majani halisi. Watu wengi wanakosea kwa sababu wanasubiri jani halisi, na majani halisi ya mimea mingi yakiwa madogo yanafanana. Majani ya mbegu hayadanganyi sana. Kwahiyo angalia vitu vitatu kwa mpangilio huu: umbo la majani ya mbegu, alafu majani halisi yanatoka mawili mawili yakitazamana au moja moja kwa zamu, alafu ng'oa mche mmoja uangalie chini kuna nini. Simu yako ina kamera, piga picha kwa karibu ukuze, inatosha kabisa.

DALILI YA 1: Tuta limekuwa kijani siku ya tano au sita, wakati mbegu niliyopanda haioti haraka hivyo

Sababu ya kwanza, na ndio karibu kila mara, ni magugu ya mbegu yaliyokuwa tayari kwenye udongo. Karoti kwenye baridi ya Uyole au Mafinga mwezi wa sita na wa saba inaweza kuchukua wiki mbili hadi tatu kutokeza. Kitunguu nacho hakina haraka. Kitu kilichojaa tuta zima siku ya tano hakiwezi kuwa karoti, hata muuza mbegu akuapie.

Mara nyingi utakuta ni kale kagugu ka maua madogo, petali tano nyeupe na katikati njano, kila kijiji kina jina lake, kitaalamu kanaitwa galinsoga. Kakiwa mche, majani ya mbegu ni madogo, mapana, karibu mraba, na nchani kuna kama kamekatwa kidogo. Majani halisi yanakuja mawili yakitazamana, yana meno pembeni na vinywele, na ukiangalia utaona mishipa mitatu mikubwa inaanzia chini ya jani. Hako usikapuuze, kwa sababu kutoka kuota mpaka kutoa maua hakahitaji muda mrefu, wiki tano hivi hali ya hewa ikikubali, na mche mmoja unaachia mbegu kwa maelfu. Ukikangoja "kakue kidogo ndo nipalilie" tayari umeshapanda magugu ya msimu ujao.

Sababu ya pili ni samadi mbichi. Ng'ombe anakula majani yenye mbegu, mbegu nyingine zinapita tumboni zima kabisa, unazimwaga kwenye tuta na mbolea juu. Utajua ni hii kama magugu yameota kwa makundi pale pale ulipomwaga samadi, na tuta la jirani ambalo halikuwekewa liko safi.

Kagua kirahisi kwanza: chukua kopo, weka mchanga wa mtoni uliomwagiwa maji ya moto ukaachwa upoe, panda mbegu kumi kutoka pakiti ile ile siku ile ile unayopanda bustanini, mwagilia. Kinachoota kwenye kopo ndio zao lako, hamna mjadala. Sijui kwanini watu hawafanyi hivi, haina gharama na inamaliza ubishi wote wa "hii ni karoti, hapana hii sio".

Dawa ya ndani zaidi ni kwa tuta linalofuata, sio hili. Andaa tuta kama unataka kupanda, mwagilia, alafu USIPANDE. Subiri siku kumi mpaka kumi na nne magugu yaote, alafu pitisha jembe juu juu tu, sentimita mbili tatu, siku ya jua, yakauke. Usigeuze udongo tena, ukigeuza unaleta mbegu nyingine juu na kazi yote imekufa. Hapo ndo upande.

DALILI YA 2: Kwenye karoti kila mche una majani yaliyochanika chanika, sijui ning'oe upi

Hii ndio inayoumiza watu zaidi, ngoja niikalie kidogo.

Dada mmoja wa Uyole alinitumia picha, tuta lake la mita moja kwa tano, karoti amezipanda kwa mistari, sentimita ishirini na tano kati ya mstari na mstari. Ilikuwa siku ya kumi na nane. Meseji yake ilisema "kaka shikamoo, nimeshaanza kung'oa hii yenye majani mapana kidogo nimeacha hii myembamba, niko sawa?" Nikamwambia marahaba, ila simama kwanza, usiguse kingine, nitumie picha ya mche mmoja mmoja umeuweka kwenye karatasi nyeupe.

Akatuma minne. Wa kwanza ulikuwa na majani ya mbegu mawili marefu membamba sana, upana wa milimita moja au mbili tu, ukiyaona peke yake unadhani ni nyasi. Katikati limetoka jani moja tu, limechanika vidogo vidogo, na hakuna shina, jani limetokea chini kabisa. Hiyo ni karoti. Karoti inatoa jani moja, alafu la pili linatokea chini upande mwingine, haipandishi shina huko juu.

Wa pili ulikuwa na majani halisi MAWILI yakitazamana, yamegawanyika vipande vitatu mpaka vitano, kila kipande kina meno, na kuna kashina kanaonekana kati ya majani ya mbegu na haya mapya. Nikamwambia pondaponda jani kwenye kidole unuse. Akajibu "mmh harufu kali hiyo!" Basi, bangi mwitu, ile yenye harufu inayoganda mikononi. Kipimo kingine kama una mafua: inua jani kuelekea jua, utaona vidoti vidogo vya mafuta vinapitisha mwanga. Karoti haina hivyo. Karoti nayo inanuka ukiiponda ila ni harufu ya karoti, ukishainusa mara moja hutachanganya.

Wa tatu ulikuwa kishona nguo. Huu majani ya mbegu ni marefu kama ya karoti ila mapana zaidi, kama utepe, laini hayana vinywele, na kashina ka chini mara nyingi kana rangi ya zambarau. Majani halisi nayo yanatazamana na yamegawanyika kwa kina. Hapa ndipo dada alipokuwa anachanganya, maana aliangalia urefu wa majani ya mbegu akasahau upana.

Wa nne ulikuwa galinsoga, hiyo aliijua mwenyewe.

Kwahiyo kwa tuta lake kanuni ikawa nyepesi: yanayotazamana mawili mawili, ng'oa. Linalotoka moja moja toka chini bila shina, acha. Na akaanzia katikati ya mistari kwanza ambako hakupanda kitu kabisa, huko hakuna cha kufikiria, ndipo akaingia kwenye mstari wenyewe akiwa ameshazoea macho. Mvua ikiwa imenyesha jana yake ni rahisi zaidi, ila shika udongo kwa kidole pembeni ya karoti usije ukaivuta nayo.

Sababu ya nadra, ila lazima niitaje, ni gugu karoti. Hili lilishaingia Tanzania, liliripotiwa upande wa Arusha, na jina lake lenyewe linakuambia kwanini watu wanalikosea. Likiwa changa majani yanalala chini kwa mduara yakikumbatia udongo, nalo halina shina mwanzoni, kwahiyo kanuni yangu ya hapo juu inaweza kukuangusha. Tofauti ni kwamba majani yake ya mbegu ni mafupi na mapana, sio membamba kama ya karoti, jani la kwanza halisi bado ni zima halijachanika, yale ya baadae ndo yanachanika, na yana vinywele vinavyofanya rangi iwe kama ya kijivu. Simama hapa. Usiling'oe kwa mikono mitupu, linawasha ngozi na wengine linawaletea mzio mbaya hadi kifuani. Piga picha, muonyeshe afisa ugani wa kata yako kabla halijatoa maua, maana gugu hili likianzisha makazi eneo zima lina shida.

Kama kila msimu unahangaika na mistari ya karoti, changanya mbegu chache za figili kwenye mstari. Figili inaota ndani ya siku chache, majani yake ya mbegu yana umbo la moyo, yanakuonyesha mstari uko wapi kabla karoti hazijatokeza, unaweza kupalilia katikati mapema bila kubahatisha.

DALILI YA 3: Kwenye mchicha au mnavu kuna miche mikubwa inakua haraka kuliko mingine

Usifurahi.

Inawezekana ni mchicha pori tu, na hiyo ndio sababu ya kawaida. Mchicha pori na wa kupanda vikiwa miche ni ngumu sana kutofautisha: majani ya mbegu membamba, urefu kama sentimita moja, upande wa chini mara nyingi mwekundu, na jani halisi la kwanza lina kakipengele kameingia ndani nchani. Kama ni huo, unaliwa, hamna hasara, isipokuwa ule wa miiba ambao baadae utakuta miiba kwenye kiungo cha jani na shina.

Inawezekana pia ni mnavu uliojiotea. Majani ya mbegu mafupi, umbo la yai lenye ncha, na vinywele.

Lakini kama majani ya mbegu ni MAREFU, sentimita mbili na nusu mpaka nne, laini, yenye ncha, na pengine ganda la mbegu bado limeng'ang'ania kwenye ncha ya jani moja, hiyo ni mnanaha. Kashina kake ka chini mara nyingi kana rangi ya zambarau. Jani la kwanza halisi ni zima, halijapata ile mikato mikubwa unayoijua kwenye mnanaha mkubwa wa kando ya barabara, ndio maana watu hawaushtukii. Ukiliponda linanuka vibaya. USIONJE kuhakikisha, tafadhali, kuna watu wana tabia ya kuonja kila kitu.

Ukubwa ndio kipimo chepesi kuliko vyote hapa. Mchicha na mnavu mbegu zao ni ndogo sana kwahiyo majani ya mbegu lazima yawe madogo. Mbegu ya mnanaha ni kubwa, mche wake unatoka ukiwa tayari mkubwa. Mche uliozidi wenzake mara mbili au tatu siku ile ile ya kuota, huo ung'oe bila kusubiri ushahidi mwingine.

Kwanini nakazania: mmea wote una sumu, mbegu na majani yake. Mwaka 2019 kule Karamoja, Uganda, watu walikufa na mamia waliugua baada ya kula unga wa msaada uliokuwa na sumu ya mmea huu. Kwenye bustani hatari yenyewe inakuja pale unapovuna mchicha mchanga kwa kung'oa fungu fungu, mnanaha mdogo ukaingia katikati ya fungu na hakuna anayechambua jani moja moja sokoni.

Simama, nenda hospitali kama mtu amekula mboga alafu mdomo umekauka sana, mboni za macho zimetanuka, mapigo ya moyo yanakwenda mbio, ngozi ni ya moto na kavu, au anaongea vitu visivyoeleweka na kuona vitu ambavyo havipo. Usimtapishe, usimpe maziwa ukasubiri. Beba na kipande cha mmea au mboga iliyobaki ili daktari auone, itamsaidia.

DALILI YA 4: Kwenye kitalu cha vitunguu vyote ni vijani vyembamba, siwezi kutofautisha

Watu wa Ruaha Mbuyuni hii wanaijua usingizini, ila kwa anayeanza inasumbua. Kitunguu kinatoka kikiwa kimejikunja, kichwa bado kiko udongoni, alafu kinanyooka na mara nyingi kinabeba ganda jeusi la mbegu juu nchani. Kijani chake ni cha mviringo, ukikizungusha kati ya vidole viwili kinazunguka vizuri. Ukikiponda kinanuka kitunguu, hata kikiwa kidogo.

Nyasi inatoka imenyooka na jani lake ni bapa, halizunguki kwenye vidole. Ndago ndio mwenye shina la pembe tatu, ukilizungusha unasikia kona, na majani yanapangika kwa pande tatu, yanang'aa hayana vinywele. Kipimo cha kuzungusha kwenye vidole kinatosha, kifanye kwenye miche kadhaa utazoea.

Shida ni kwamba ndago sio nyasi. Mtu ananunua dawa inayoua nyasi tu, anapuliza, nyasi zinakufa, ndago inabaki na nafasi yote peke yake, alafu anasema dawa ni feki. Inaweza isiwe feki.

DALILI YA 5: Nimeng'oa vizuri kabisa, baada ya wiki mbili magugu yamerudi pale pale

Hapa swali sio jani, ni kilichobaki chini. Chukua kijiko au kisu, usivute kwa mkono, chimba mche mmoja na udongo wake sentimita kumi na tano, uoshe kwenye ndoo. Ukiona mzizi mmoja mwembamba na nywele basi ni mche wa mbegu, hizo ni mbegu mpya zinaota na sio ile ile inarudi. Ukiona kitu kingine, endelea kusoma.

Vitufe vidogo vigumu vya kahawia vilivyoshikana kwa nyuzi ni ndago. Ukivuta jani, kitufe kinabaki na kinatoa jani lingine. Haina mkato: chimba na kitufe chake, au likate kila linapotokeza kabla halijafikisha wiki tatu hivi, maana likiachwa linaanza kutengeneza vitufe vipya na unarudi sifuri.

Vitunguu vidogo vidogo vimekusanyika, na juu majani matatu matatu yenye umbo la moyo uliogawanyika, chachu ukitafuna, hiyo ni oksalisi. Haina majani ya mbegu hata kidogo, ukiona jani la namna hiyo limetoka moja kwa moja ardhini ujue linatoka kwenye kitunguu. Ukivuta, vile vidogo vinapukutika na kubaki, kwahiyo umeipanda upya. Chimba na bonge la udongo, weka kwenye ndoo, na usitupe kwenye mboji.

Mizizi mirefu myeupe inayotambaa yenye vifundo ni sangari. Hii uma ni bora kuliko jembe, kwa sababu jembe linaikata vipande na kila kifundo ni mmea mpya.

Kongwe ina jani pana la yai ambalo chini limezungushia shina, na hapo kwenye shingo kuna vinywele, mara nyingi vyekundu. Hii ukiikata ukaacha shina kwenye udongo wenye unyevu linashika mizizi upya, na inatoa maua mengine chini ya udongo ambayo huyaoni, kwahiyo "sijaona ua" sio ushahidi kwamba haijazaa. Itoe ikiwa na majani mawili matatu na uipeleke juani nje ya bustani.

Acha kuhangaika peke yako kama ndago au sangari imeshika zaidi ya nusu ya eneo, au ukifikiria kupuliza dawa kwenye bustani yenye mboga. Muite afisa ugani aione kwanza, na ukiwa karibu na Mbeya wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole wapo. Dawa yenye glifosati inaua kila kijani inachogusa, mboga zako zikiwemo, na dawa za jamii ya 2,4-D zinaweza kupeperushwa na upepo zikakunja nyanya za jirani. Usinunue iliyopimwa kwenye chupa ya maji bila lebo, hata kama ni nusu bei. Unatakiwa uone lebo, uone namba ya usajili wa TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na usome siku ngapi unapaswa kusubiri kabla ya kuvuna.